Jinsi ya Kuandika Tathmini ya Mgahawa Inayotenganisha Chakula, Kasi ya Huduma, Bei na Mazingira

"Chakula kibaya, msiende." Maneno hayo matatu, pamoja na nyota moja, niliwahi kuyaandika mimi mwenyewe kuhusu mgahawa mmoja wa Dar es Salaam ambao sitautaja jina. Nilikuwa nimetoka msikitini mchana wa Ijumaa, nikaagiza samaki wa kupaka, nikangoja karibu saa nzima, na samaki alipofika nilikuwa nimeshanuna kiasi kwamba hata asali ningeiona chungu. Miezi michache baadaye shemeji yangu alinipeleka palepale Jumanne jioni bila kujua niliyoyaandika. Nikaletewa samaki wa kupaka wa aina ileile, akanishinda utamu, na njiani kurudi nyumbani nikafuta maneno yangu.

Kosa langu halikuwa kusema uongo, maana kweli nilikasirika. Kosa lilikuwa kuiacha hasira ya kusubiri iingie kinywani na kuitwa ladha. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alieleza jambo la aina hii alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari walio chini yao: aliyependeza kwa umbo alipewa alama nzuri hata katika akili na tabia, kana kwamba sifa moja imezipaka rangi nyingine zote. Mezani mambo huenda vivyo hivyo. Feni ikiwa imeharibika, chai huonekana haina sukari ya kutosha. Mhudumu akiwa mcheshi, wali uliovurugika husamehewa.

Wanaofanya kazi hii kwa utaratibu waligundua zamani kwamba dawa yake ni kutenga. Mwongozo wa Michelin hutoa nyota zake kwa kile kilichomo kwenye sahani peke yake, na kwa miaka mingi starehe ya mahali ilionyeshwa kwa alama nyingine za uma na kijiko. Mwongozo wa Zagat, ulioanzia New York mwaka 1979, ulitoa alama tatu zisizochanganywa, za chakula, mapambo na huduma, kila moja juu ya 30, kisha bei ikatajwa kwa dola tu bila kupewa alama. Mlaji wa kawaida mwenye simu anaweza kufanya hivyo pia, lakini kutenga hakuanzii wakati wa kuandika. Kunaanzia kabla hujaketi.

Kabla ya kwenda: chagua vyakula viwili na saa moja

Mgahawa mmoja una majiko mawili kwa maana ya kazi. Kuna vyakula vinavyopikwa kwa wingi asubuhi na kupakuliwa tu, kama biriani, pilau na maharage ya nazi, na kuna vinavyoanza kupikwa baada ya wewe kuagiza, kama samaki wa kuchoma na mishkaki inayopita kwenye mkaa. Ukiagiza kimoja tu utapata nusu ya picha, kwa hiyo nendeni wawili, na muagize kimoja cha kila aina. Chakula cha kupakuliwa kitakuonyesha kama mpishi anajua kupika kwa ajili ya watu wengi na kukitunza kikae vizuri. Cha kuagizwa kitakuonyesha mwendo wa jikoni.

Saa nayo inabadilisha hukumu. Ijumaa baada ya swala ni siku ya biriani kwa watu wengi wa pwani, na mgahawa unaopendwa hufurika kwa muda mfupi. Kwenda wakati huo si dhuluma, ila ni lazima msomaji aambiwe. Ukiweza kurudi mara ya pili siku ya kawaida, rudi. Usipoweza, andika siku na saa katika sentensi ya kwanza ya tathmini yako, na uandike "siku ile" mahali ambapo ulitaka kuandika "daima".

Kupima muda: achia simu ikukumbukie

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine pote, na ndipo watu wengi huishia kusema "huduma ni ya polepole sana" bila kumsaidia yeyote. Muda wa kusubiri si kitu kimoja. Kuna muda wa kuketi hadi kupewa menyu, wa menyu hadi mtu aje kuchukua oda, wa oda hadi chakula kufika, na mwisho wa kuomba bili hadi kurudishiwa chenji. Kipande cha tatu kwa sehemu kubwa ni cha jikoni. Vilivyobaki ni vya wahudumu na keshia, na mpishi hana habari navyo.

Huhitaji kukaa na saa mkononi kama mwamuzi wa mpira. Piga picha ya meza unapoketi, ya menyu inapofika, ya mhudumu anapoondoka na oda (ipige picha meza, si uso wake), ya kila sahani inapotua, na ya bili. Simu huhifadhi saa ya kila picha, na risiti ya mashine ya EFD nayo huchapwa saa na tarehe. Jioni ukiwa nyumbani unazisoma moja baada ya nyingine.

Niliporudi kwenye mgahawa ule mara ya tatu, safari hii Ijumaa tena na kwa makusudi, nikiwa na shemeji, picha zilisema hivi. Tuliketi saa 7:10 mchana. Menyu ilifika saa 7:13. Oda ilichukuliwa saa 7:24. Biriani ya mbuzi ilifika saa 7:32, samaki wa kupaka saa 8:09. Tuliomba bili saa 8:31 na chenji ikarudi saa 8:46.

Jumla ni dakika 96, na mtu aliyechoka angeandika kwamba alipoteza saa moja na nusu. Lakini zigawe. Dakika 22 za mwisho kabla ya bili tulikuwa tunakula samaki. Dakika 45 zilikuwa za kumngoja samaki, na samaki mzima wa aina ya changu anayeanzia mbichi, akachomwa juu ya mkaa kisha akapakwa tui, atachukua dakika 25 hadi 30 bila mtu yeyote kuzembea. Kwa hiyo uchelewaji wa jikoni ulikuwa kama robo saa, tena siku ya msongamano. Zilizobaki, dakika 29, zilikuwa za menyu, oda na chenji. Biriani iliyofika dakika nane baada ya kuagizwa ilithibitisha kwamba jiko lilikuwa hai. Kilichopungua ukumbini ni miguu: niliwahesabu wahudumu wawili kwa meza kumi na moja zilizojaa.

Ona jinsi lawama ilivyohama. Mara ya kwanza nilimhukumu mpishi; kumbe mwenye kuweza kurekebisha ni mwenye mgahawa, kwa kuajiri mtu mmoja wa ziada siku ya Ijumaa.

Kasi pia haina uhusiano na adabu. Mhudumu wetu alipita akasema, "Samahani kaka, samaki bado yuko jikoni, niwaongezee kachumbari?" Huyo ni mhudumu mwema aliyelemewa na kazi. Sifa yake iandikwe kwa sentensi yake, na dakika ziandikwe kwa sentensi zao, maana ukizichanganya utapata "huduma ya wastani", maneno ambayo hayamwambii msomaji lolote.

Chakula: andika baada ya tonge tatu

Tonge la kwanza huliwa na njaa, na la mwisho huliwa na shibe. Kula matonge matatu, kisha weka maneno machache kwenye simu kabla hujazungumza na mwenzako, kwa sababu akishasema "mbona chumvi imezidi" wewe pia utaanza kuisikia. Mwambie mwenzako afanye hivyo kwa sahani yake, halafu badilishaneni sahani na mrudie. Na fanya haya kabla ya kuona bili. Bei huonja chakula kabla ya ulimi.

Katika maneno hayo epuka "tamu" na "mbaya". Andika unachoweza kukionyesha kwa kidole. Katika biriani ya pwani wali na masala hupikwa mbali mbali na kukutana sahanini, kwa hiyo vitazame mbali mbali: je, punje za wali zimeachana au zimeshikana, je, kitunguu cha masala kilikaangwa hadi kikawa cha rangi ya kahawia, au kililowa tu na kuacha masala yenye majimaji na ladha ya kitunguu kibichi, je, nyama inaachia mfupa kwa kijiko, au inahitaji kuvutwa. Kwa samaki wa kupaka fungua sehemu nene iliyo karibu na uti wa mgongo. Ikiwa nyama inang'ang'ania mfupa na kuna wekundu, hakuiva, hata kama ngozi ya nje imeungua vizuri. Tui nalo litazame: zito na laini ni zuri, lakini likionyesha chembechembe zilizotengana na mafuta, limekatika kwa moto mkali.

Hapa ndipo mpaka kati ya chakula na huduma unapokuwa na utata, na mfano mkubwa ni chakula kilichopoa. Chakula cha baridi ni kosa la nani? Mara nyingi sahani yenyewe itakuambia. Tui lililofanya utando juu, huku nyama ya ndani ikiwa bado ya moto, linaonyesha kwamba sahani ilikamilika kisha ikasimama ikingoja wa kuibeba. Chipsi zilizolegea kwa mvuke wake zenyewe zinasema hivyohivyo. Lakini wali wa vuguvugu uliofika dakika chache baada ya kuagizwa ulikuwa vuguvugu tangu ndani ya sufuria, na hilo ni la jikoni. Pale ambapo huwezi kubainisha, andika ulichokiona, "wali ulifika vuguvugu", na uache kutaja mwenye kosa.

Kipimo ninachokitumia kwa lawama zote za mpakani ni swali moja: nikimwita mtu mmoja mezani ili arekebishe jambo hili leo, ningemwita nani? Jibu likiwa mpishi, ni chakula. Likiwa mhudumu au keshia, ni huduma. Likiwa aliyepanga menyu, ni bei. Likiwa mwenye jengo, ni mazingira. Usafi wa meza na vijiko huwa naupeleka kwenye huduma, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya siku ile; harufu ya choo naipeleka kwenye mazingira. Wengine watagawa vingine, na hakuna ubaya, almradi lawama moja isihesabiwe mara mbili.

Jambo moja sipendi kuliona katika tathmini: "nilikula hapo, usiku nikaharisha." Maradhi ya chakula yanaweza kujitokeza baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa, na mlo wa mwisho unaoukumbuka si lazima uwe ndio uliokudhuru. Kama una sababu ya kushuku, mpeleke mgonjwa kwa daktari na taarifa kwa afisa afya wa eneo, ambaye ana uwezo wa kuingia jikoni. Katika tathmini andika tu ulichokiona kwa macho, kwa mfano kuku aliyekuwa na damu mfupani.

Bei: linganisha na jirani, si na mfuko wako

"Ghali" ni neno linalomweleza mwandishi kuliko mgahawa. Mwanafunzi na mkurugenzi wakisoma bili moja watalia vilio tofauti. Andika kiasi ulicholipa, kwa watu wangapi, na kwa vitu gani, halafu tafuta migahawa miwili ya daraja lilelile katika mtaa uleule inayouza chakula kilekile. Biriani ya mgahawa wa meza za plastiki usiilinganishe na ya hoteli yenye kiyoyozi, maana huko kodi ya jengo na umeme vimo ndani ya sahani.

Bili yetu ilikuwa Sh 40,000: biriani 12,000, samaki 20,000, glasi mbili za juisi ya ukwaju 6,000, na chupa ya maji 2,000. Migahawa miwili ya jirani iliuza biriani ya mbuzi kwa 10,000 na 13,000, kwa hiyo 12,000 si ya kulalamikiwa, hasa kwa kuwa nyama zilikuwa vipande vitatu vya haja. Chupa ya maji ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu hatukuiagiza. Ilikuja mezani ikiwa imefunguliwa. Shilingi 2,000 si kitu, ila msomaji anastahili kujua kwamba anaweza kuikataa. Vivyo hivyo taja kama bei za menyu zimejumuisha kodi na kama kuna tozo ya huduma, kwa kuwa tofauti ya menyu na bili huwaudhi watu kuliko bei yenyewe.

Mazingira, kwa ufupi

Hapa usikae sana. Eleza vitu vinavyomsaidia mtu kuamua amlete nani: joto na feni, kelele (je, mnasikizana bila kupaza sauti?), nafasi kati ya meza, choo, ngazi kwa mzee au mwenye kiti cha magurudumu, mahali pa kunawa, maegesho. Televisheni yenye mpira ni kero kwa anayekuja kuposa na ni neema kwa mwingine, kwa hiyo sema ipo, na uache kuihukumu.

Kuandika: aya nne na hali ya siku

Anza na hali: siku, saa, watu wangapi, mliagiza nini, nani amelipa. Kama mwenye mgahawa ni ndugu yako au amekupa chakula cha bure, liseme hapohapo mwanzoni. Kisha aya moja kwa kila jambo, na usiruhusu aya ya chakula itaje dakika, wala aya ya huduma itaje ladha. Hii ndiyo niliyoiandika mwishowe:

> Ijumaa, saa 7:10 mchana, watu wawili, tumelipa wenyewe. Tuliagiza biriani ya mbuzi na samaki wa kupaka.
>
> Chakula: Samaki alikuwa changu mzima, ameiva hadi kwenye uti wa mgongo, ana harufu ya mkaa, tui zito lisilokatika. Biriani ilikuwa na masala ya kitunguu kilichokaangwa vyema na nyama laini, lakini wali ulifika vuguvugu.
>
> Huduma: Oda ilichukuliwa dakika 14 baada ya kuketi. Biriani ilifika kwa dakika 8, samaki kwa dakika 45. Chenji ilichukua dakika 15. Wahudumu wawili walikuwa na meza kumi na moja. Waliotuhudumia walikuwa na adabu na walitupa taarifa ya samaki bila kuulizwa. Jumanne jioni nilipowahi kufika, samaki alikuja baada ya nusu saa.
>
> Bei: Sh 40,000 kwa wawili pamoja na juisi. Biriani ni sawa na ya majirani. Maji yalifunguliwa bila kuagizwa na yakatozwa 2,000.
>
> Mazingira: Feni mbili zinafanya kazi, meza za dirishani zina upepo, katikati kuna joto. Kelele nyingi Ijumaa. Choo kisafi. Kuna ngazi tatu mlangoni, hakuna njia ya kiti cha magurudumu.

Nyota ziwe za mwisho. Google Maps hukutaka utoe nyota ya jumla, kisha hukuruhusu kutoa nyota za chakula, huduma na mazingira kila moja peke yake. Jaza hizo ndogo kwanza kichwani, na nilitoa 4, 2 na 3. Ya jumla usiipate kwa kujumlisha na kugawanya, kwa sababu wastani wa 4, 2 na 3 ni 3, na 3 hiyo haifanani na mgahawa huu hata kidogo. Mimi huiacha nyota ya jumla ifuate chakula, nikashusha moja tu ikiwa jambo jingine lingemzuia mlaji asile kabisa. Dakika 29 za wahudumu hazikunizuia kula, hivyo niliweka 4 na kueleza sababu katika mstari wa mwisho, ili anayekwenda kwa haraka ya mapumziko ya kazi aone 2 ya huduma na achague pengine.

Baada ya wiki tatu mwenye mgahawa alijibu chini ya tathmini kwamba ameongeza mhudumu kwa siku za Ijumaa. Sikubadilisha nyota kwa sababu ya jibu lake. Nilirudi Ijumaa iliyofuata, nikapiga picha zilezile, oda ikachukuliwa kwa dakika 5 na chenji kwa dakika 4. Hapo ndipo nilipohariri aya ya huduma peke yake, nikaacha tarehe ya zamani na kuongeza mpya, huku aya nyingine tatu nikiziacha kama zilivyokuwa. Wali wa biriani ulikuwa bado vuguvugu.